Miting inakatika na neti ni dhaifu: zima nini kwanza, na kwa nini

Dakika ya kumi na mbili ya miting, niko slaidi ya sita, mimi nawasikia wote vizuri kabisa, mtu akikohoa namsikia, halafu kwenye chati zinaanza kuingia meseji: "hatukusikii", "unakatika", "umeganda mdomo wazi". Tulikuwa watu tisa, mimi ndo nilikuwa naonyesha ripoti ya slaidi 24, laptopu imeunganishwa kwenye hotspoti ya simu. Nikafanya kile ambacho karibu kila mtu anakifanya, nikatoka nikaingia tena. Ikawa nafuu kama nusu dakika hivi, halafu yale yale.

Jibu lilikuwa kwenye chati muda wote, mimi nikalisoma kama malalamiko. Mimi nawasikia, wao hawanisikii. Hiyo sentensi moja inakwambia uguse kitufe gani na uache kipi, na nitaifuata mpaka mwisho wa mwongozo huu kwa sababu wengi wanazima vitu ovyo ovyo, wanazima kamera wakati tatizo ni video za wenzao, au wanawaomba watu wanane wazime kamera zao wakati kinachoziba ni skrini wanayoishea wenyewe.

Anza kwa kujua upande gani umeziba

Intaneti yako ina njia mbili. Kuna daunlodi, yaani vinavyokuja kwako: sauti za wenzako, sura zao, skrini wanayoshea. Na kuna aplodi, vinavyotoka kwako: sauti yako, sura yako, skrini unayoishea wewe. Kwenye laini nyingi za simu na za nyumbani aplodi ni ndogo kuliko daunlodi, tena mara nyingine ndogo sana, na sisi tumezoea kuangalia ile namba kubwa tu ya daunlodi tukaridhika.

Kwenye miting ya watu wengi, laptopu yako haimtumii kila mtu nakala yake. Inatuma kwenye seva, seva ndo inagawa. Kwa hiyo kuwa na watu tisa au tisini hakuiongezei mzigo aplodi yako, mzigo wa watu wengi unaangukia daunlodi, kwa sababu seva inakuletea vidirisha vyao vyote unavyoviangalia.

Sasa dalili. Ukiwa unawasikia wao lakini wao wanakwambia unakatika, sauti yako imekuwa kama roboti, au unajibu swali la zamani wakati wameshaenda mbele, hiyo ni aplodi yako. Ukiwa wewe ndo huwasikii, sura zao zimeganda zote kwa pamoja, na wao wanakwambia "mbona sisi tunakusikia vizuri", hiyo ni daunlodi yako. Ukiona mtu mmoja tu ndo ameganda na wengine wote wako sawa, usiguse kitu, tatizo liko kwake. Na zikiharibika pande zote mbili kwa wakati mmoja, fikiria kwanza waifai au mawimbi ya simu kabla ya kufikiria kamera, nitalirudia hilo huko chini.

Kipimo cha dakika mbili

Kabla ya miting (ukiwa katikati ya miting usipime spidi, kipimo chenyewe kinajaza laini na unajimaliza kabisa) fungua kipimo chochote cha spidi kisha angalia namba ya `Upload`, usiishie kwenye ile ya `Download`. Mimi baadaye nilipopima kwenye ile hotspoti nilipata 7 Mbps za daunlodi na 0.8 za aplodi. Yaani ningeangalia ya kwanza tu ningesema mbona neti iko poa.

Kipimo cha pili kinakwambia zaidi, na hiki unaweza kukiacha kinaenda hata miting ikiwa hewani kwa sababu hakili kitu. Kwenye Windows fungua Command Prompt uandike:

```
ping -n 20 8.8.8.8
```

Kwenye Mac au Linux:

```
ping -c 20 8.8.8.8
```

Inatuma kipakiti kidogo cha data mara ishirini kwenda 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google, na kukuonyesha kila kimoja kimechukua milisekunde ngapi kwenda na kurudi. Ukiona 40, 55, 48, 60, laini imetulia. Ukiona 50, 70, 900, 1400, 80, kisha `Request timed out`, kuna foleni mahali. Mimi nikiwa sina miting nilikuwa napata kama 60, na nilipofungua miting ya majaribio nikawasha kamera na kushea skrini, ikapanda mpaka 1400 na zaidi. Ile tofauti kati ya laini ikiwa imekaa bure na laini ikiwa na kazi ndo unayoitafuta.

Mbona inapanda hivyo? Simu yako au rauta ikipokea data nyingi kuliko inavyoweza kuzitoa haizitupi mara moja, inazipanga foleni. Fikiria mlango mwembamba, mbele wamesimama watu wenye magunia na nyuma yao kuna mtu ana bahasha mkononi. Bahasha ni nyepesi, ingepita sekunde hiyo hiyo, ila inasubiri magunia yaishe. Sauti yako ndo bahasha, picha za kamera ndo magunia. Tukiweka hesabu, aplodi ya 0.8 Mbps ni kama kilobaiti 100 kwa sekunde, kwa hiyo foleni ikishafika kilobaiti 150 kila neno unalosema linasubiri sekunde moja na nusu kabla hata halijatoka nyumbani kwako. ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, kwenye pendekezo lao la G.114 wanasema sauti ikichelewa chini ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja mazungumzo mengi hayasumbuki, na wanaweka 400 kuwa kikomo cha kupanga mtandao. Mimi nilikuwa mbali sana na hapo, ndo maana watu walikuwa wanaongea juu yangu wakidhani nimenyamaza.

Kwa hiyo shabaha yako ni kuondoa magunia mlangoni. Kununua spidi zaidi ni mjadala wa siku nyingine, sasa hivi uko kwenye miting.

Aplodi imeziba: zima kamera yako kwanza

Zoom wamechapisha makadirio yao na yanasaidia kupata picha. Sauti peke yake inataka kama 60 hadi 80 kbps. Video ya kawaida ya watu wawili inataka kama 600 kbps kila upande, na ikipanda kuwa 720p inafika kama 1.2 Mbps. Programu nyingine namba zao zinatofautiana kidogo ila uwiano ni huo huo, kamera moja ya kawaida inakula kama sauti nane au kumi.

Rudi kwangu sasa. Nilikuwa na 800 kbps za kutoka, yaani ile ile 0.8 Mbps. Kamera 600, sauti 80, skrini ninayoishea mpaka 150 ikiwa imetulia. Jumla 830. Yaani tayari nimeshavuka kabla sijabadilisha hata slaidi moja. Nikizima kamera nabaki na 230, laini inapumua.

Kuzima kwa haraka: kwenye Zoom ya Windows bonyeza `Alt+V`, kwenye Mac `Cmd+Shift+V`. Google Meet ni `Ctrl+E`, kwa Mac `Cmd+E`. Teams ni `Ctrl+Shift+O`. Ziweke kichwani hizi kwa sababu laini ikishaziba na laptopu nayo ikaanza kuwa nzito, kutafuta kitufe kwa mausi kunachukua karne.

Ukishazima, subiri. Hapa ndo watu wengi wanakosea, wanazima kamera, baada ya sekunde tatu wanaona bado, wanazima na skrini, wanatoka waifai wanaenda data, wanarudi, mwisho hawajui kilichosaidia ni kipi. Ile foleni iliyojaa lazima imwagike kwanza, na programu yenyewe inatumia muda kupima upya laini ina nafasi gani. Mpe kama sekunde 20. Endelea kuongea taratibu, uliza "sasa hivi vipi?", usikilize jibu linakuja haraka kiasi gani. Jibu likija papo hapo, foleni imeisha.

Na usiwe unaiwasha na kuizima kila baada ya dakika kuangalia kama "imeshapona". Kila ukiwasha, kamera inaanza kwa kutuma picha nzima kamili, hiyo ni nzito mara nyingi zaidi ya zile zinazofuata ambazo zinabeba mabadiliko tu, kwa hiyo unajitengenezea kizibo kipya kwa mkono wako.

Kuna vitu viwili watu wanavifanya wakidhani wamezima kamera. Kimoja ni kuficha sura yako usijione, `Hide Self View`, hiyo inakuficha kwako tu, wenzako bado wanakuona na data zinatoka vile vile. Kingine ni kuondoa ile bakgraundi ya kubandika. Hiyo haili neti, inakula prosesa. Kama laptopu yako ni ya zamani na feni inalia kama inataka kuruka, kuiondoa kutasaidia, ila laini haitaona tofauti.

Kuzima maiki ukiwa husemi ni adabu nzuri lakini usitegemee iokoe neti, sauti ni ndogo mno.

Skrini unayoishea ni mjanja zaidi ya kamera

Kamera inakula kwa kiwango kinachoeleweka, skrini haieleweki. Ukiwa kwenye slaidi moja imetulia, maandishi tu, karibu hakuna kinachotumwa, na ndo maana yale makadirio ya Zoom ya kushea skrini bila vidirisha vya video yako chini kabisa, 50 hadi 75 kbps. Halafu unabonyeza kwenda slaidi inayofuata, ina picha kubwa na grafu ya rangi, ghafla skrini nzima imebadilika na lazima itumwe upya. Hapo mzigo unaruka juu kwa sekunde kadhaa, foleni inajaa, sauti yako inakatika wakati ule ule unaosema "kama mnavyoona hapa". Ukiambiwa unakatika kila unapobadilisha slaidi na katikati uko sawa, usihangaike na kamera, ni hii.

Kuna na jambo la pili ambalo halionekani. Mwenzako mmoja akipoteza pakiti, au mtu mpya akiingia kwenye miting, programu yake inaomba picha nzima ya skrini upya kwa sababu hana pa kuanzia. Wewe hujagusa kitu na bado laptopu inatuma tena picha nzima. Ndo maana unaweza kukuta unakatika kila mara fulani anapoingia na kutoka, na yeye masikini anatoka na kuingia kwa sababu neti yake nayo ni mbovu.

Kwa hiyo punguza kabla hujafunga, kwa mpangilio huu. Shea dirisha moja la slaidi, usishee skrini nzima, maana skrini nzima inabeba na notifikesheni, na vitu vinavyochezacheza pembeni, na kila ukihamisha dirisha inahesabika kuwa mabadiliko. Ondoa animesheni kwenye slaidi, yale maandishi yanayoruka na kuzunguka, kila moja ni video fupi. Kama una monita kubwa ya 3840 kwa 2160, hamishia slaidi kwenye skrini ya laptopu ya 1920 kwa 1080, unakuwa umeondoa robo tatu ya nukta zote. Usiskroli waraka mrefu taratibu huku unaongea, ruka kwa `Page Down` kisha tulia. Na kwenye Zoom, unapochagua cha kushea, hakikisha `Optimize for video clip` haina tiki, hiyo ni ya kuonyesha video na inaiambia programu ikimbize fremu nyingi ambazo slaidi haizihitaji. Zoom hiyo hiyo kwenye setingi za kushea skrini, chini ya `Advanced`, ina sehemu ya kuweka kikomo cha fremu kwa sekunde, `Limit your screen share to`. Weka ndogo kuliko zote, slaidi haitaki hata tano.

Bado inakatika? Funga. `Alt+S` kwa Zoom ya Windows inaanzisha na kusimamisha kushea. Lakini kabla hujafunga uwe na kitu cha kuwapa watu mkononi, la sivyo umebadilisha tatizo moja kwa lingine. Mimi nilichofanya ni kuhifadhi slaidi kama PDF, nikapunguza picha mpaka faili likawa na kama megabaiti 1.5, nikalituma kwenye grupu la meseji. Zingatia kwamba faili nalo linapita mlango ule ule: megabaiti 1.5 kwenye laini ya 0.8 Mbps ni sekunde 15 za laini yote, na katika hizo sekunde hutasikika. Kwa hiyo niliwaambia "nanyamaza sekunde ishirini natuma faili", nikanyamaza kweli, likaenda. Kama ningekuwa nimelituma asubuhi ile kabla ya miting kusingekuwa na hata hiyo ishirini, na siku hizi ndo nafanya hivyo, hata neti ikiwa nzuri.

Njia nyingine nzuri kuliko zote: mpe mwenye neti nzuri ashee yeye. Mtumie faili mapema, yeye anashea kutoka kwake, wewe unaongea tu unamwambia "inayofuata". Kwako inabaki sauti peke yake kutoka, na skrini inakujia kwa daunlodi ambayo kwa wengi ndo upande mnene.

Ukiongea bila skrini, taja namba za kurasa. "Ukurasa wa tisa, jedwali la juu, mstari wa pili." Mwanzoni unajiona mshamba kidogo, baada ya dakika tano watu wameshazoea.

Daunlodi imeziba: zima video za wengine

Hapa kuzima kamera yako hakusaidii sana, na bado ndo kitu cha kwanza watu wanachoshauriwa. Kama wewe ndo huwasikii wenzako, unatakiwa kukataa video zinazoingia, na hii unaweza kuifanya peke yako bila kumwomba mtu yeyote azime chochote.

Google Meet: vidoti vitatu, `Settings`, `Video`, halafu `Receive resolution`. Ishushe kwanza iwe ya kiwango cha chini, bado ikikatika chagua `Audio only`. Teams: tafuta `Turn off incoming video`, kulingana na toleo iko ndani ya `More` au `View`, na uzuri wake skrini anayoishea mtu bado unaiona, zinazoondoka ni sura tu. Zoom: kwenye `View` kuna `Stop Incoming Video`, ila hiki kitufe mwenye akaunti anaweza kuwa hajakiruhusu, kwa hiyo usipokiona usidhani umepotea njia.

Kabla ya kufika huko kuna hatua laini zaidi. Acha mpangilio wa vidirisha vingi, nenda kwenye mpangilio wa msemaji, `Speaker`. Kwenye makadirio ya Zoom kupokea vidirisha 25 kunataka kama 2 Mbps na vidirisha 49 kama 4 Mbps. Ukiangalia msemaji mmoja kwa kidirisha kidogo, seva nayo inakuletea nakala ndogo, maana kamera nyingi hutuma nakala zaidi ya moja za ukubwa tofauti na seva inachagua ya kukupa kulingana na ukubwa wa kidirisha chako. Ndo maana hata kupunguza dirisha la miting kunaweza kusaidia kidogo. Kidogo lakini, usitegemee muujiza.

Kushusha rezolusheni: hii ni kazi ya kabla ya miting

Nimeiweka huku mwisho makusudi. Moto ukiwa umeshawaka, kwenda kwenye setingi kushusha rezolusheni ni kuchelewa, zima tu. Rezolusheni inafaa pale unapojua laini yako ni dhaifu lakini inabeba, na unataka sura ionekane, labda ni intavyuu au unaongea na mtu kwa mara ya kwanza.

Hesabu yake ni hii. 720p ni nukta 1280 kwa 720, jumla 921,600. 360p ni 640 kwa 360, jumla 230,400. Ni robo kamili. Data hazishuki mpaka robo hiyo hiyo sawasawa kwa sababu video inabanwa, lakini zinapungua sana, na kwenye kidirisha kidogo cha sura wenzako hata hawatagundua.

Kwenye Meet ni pale pale `Video`, safari hii `Send resolution`, chagua 360p. Kwenye Zoom nenda `Settings`, `Video`, ondoa tiki kwenye `HD`.

Mtu ataniuliza, si programu yenyewe inajishusha neti ikiwa mbaya? Ndiyo, inajishusha, na tatizo ni kwamba inajipandisha pia. Ikiona laini imetulia inajaribu kupanda kidogo ione kama kuna nafasi, ikipanda inajaza foleni, sauti inakatika, inashuka, laini inatulia, inajaribu tena. Kwenye laini nzuri huoni hilo. Kwenye laini inayobadilikabadilika kama ya simu unapata ule mchezo wa dakika mbili nzuri dakika moja mbaya, miting nzima. Ukiweka dari wewe mwenyewe kwenye 360p umeiambia ukifika hapa usijaribu kupanda, na ile bembea inakoma. Kwa hiyo dalili ya kwamba unahitaji dari ni hiyo hiyo bembea: kukatika kwa vipindi wakati hujabadilisha kitu chochote.

Ila kama aplodi yako haifiki hata nusu megabiti, usijisumbue na dari, zima kamera tangu mwanzo, uiwashe wakati wa salamu tu halafu uizime.

Ukizima vyote na bado

Hapo tatizo halikuwa video. Mara nyingi ni moja kati ya haya matatu.

La kwanza ni kitu kingine kinachoaplodi kimya kimya. Simu inayofanya bekapu ya picha, folda inayojisawazisha na wingu, apdeti ya laptopu. Kwenye hotspoti hili ni balaa zaidi kwa sababu laptopu inadhani iko kwenye waifai ya bure, inaachia kila kitu. Windows ina `Metered connection` kwenye setingi za waifai, iwashe kwa hotspoti yako na apdeti nyingi zitasubiri. Na simu yenyewe inayotoa hotspoti iangalie, picha za jana zinaweza kuwa zinapanda wingu muda huo huo unaoongea.

La pili ni waifai yenyewe. Ipime rauta kwa ping badala ya ile 8.8.8.8, anwani yake mara nyingi ni `192.168.1.1` au `192.168.0.1`. Kutoka kwenye laptopu mpaka rauta ya chumba cha pili zinatakiwa kuwa milisekunde chache tu. Ukiona hapo hapo ndani 200, 300, au zinapotea, tatizo liko kati yako na rauta, na hakuna kitufe cha miting kitakachokuokoa, sogea karibu au chomeka waya. Kwa hotspoti, chomeka simu kwa kebo ya USB utumie `USB tethering`, unakuwa umeondoa waifai kwenye mnyororo, na simu isogeze dirishani.

La tatu ni prosesa imeishiwa nguvu. Inafanana sana na neti mbovu, sauti inakatakata na sura inaganda, ila ukiangalia ping imetulia kabisa kwenye 50. Ping ikiwa nzuri na miting mbaya, funga tabu za brauza, zima bakgraundi, usiilaumu laini.

Na kuna kikomo. Pakiti zikiwa zinapotea nyingi, ukiona tano kati ya ishirini hazijarudi, hata sauti peke yake inaweza isieleweke. Programu hizi zinaweza kuziba mapengo madogo ya sauti kwa kukisia, ila pengo likiwa kubwa ndo unasikia ile roboti. Hapo angalia kwenye mwaliko kama kuna namba ya kupiga simu ya kawaida, piga, utumie simu kwa sauti na laptopu uiache kwa kuangalia tu. Lakini zima maiki na spika za laptopu kabla hujapiga, la sivyo mtapata mwangwi mpaka wenzako wakutoe.

Mimi siku ile sikufika huko. Nilizima kamera, nikafunga skrini, nikatuma lile faili, tukaendelea kwa namba za kurasa mpaka ya 24. Muda wa maswali ulipofika nikajaribu kuwasha kamera ikiwa kwenye 360p, skrini ikiwa imefungwa, ping pembeni ikabaki kati ya 70 na 110. Nikaiacha imewaka. Mmoja akauliza kwa nini slaidi ya sita nimeiruka, ikabidi niirudie yote, maana ndo ile waliyoniona nimeganda mdomo wazi.